Kumfuata mchungaji tangu Hesabu hadi Petro

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu anashuka chomboni, anaona umati mkubwa, na anawahurumia kwa sababu wamekuwa kama kondoo waliokosa mchungaji. Mstari ni wa 34. Mwanafunzi anayeusoma juu juu huuchukua kama picha nzuri ya huruma, kisha huharakisha kwenye mikate mitano na samaki wawili. Lakini picha hiyo Marko hakuitunga yeye. Ilikuwa imekwisha kutumika mara kadhaa kabla yake, na kila mara ilikuwa na jambo zito la kusema juu ya viongozi. Kulijua hilo hakuhitaji shahada ya theolojia. Kunahitaji vitu viwili: marejeo ya pembeni na itifaki.

Marejeo ni zile herufi au namba ndogo zilizopachikwa juu ya maneno ya mstari, zikikupeleka chini ya ukurasa au kwenye safu ya katikati, ambako zimeandikwa sura na mistari mingine. Itifaki ni kitabu kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila neno linapatikana wapi, pamoja na kipande kifupi cha mstari wenyewe. Kazi hii ni ya zamani. Watawa wa Kidominiko wa Paris, wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher, waliandaa itifaki ya Biblia ya Kilatini katika karne ya 13, na mwaka 1737 Alexander Cruden alichapisha London ile ya Kiingereza ambayo bado inajulikana.

Anza na marejeo, kwa sababu ndiyo njia fupi. Kwenye Marko 6:34, Biblia nyingi zenye marejeo hukupeleka Hesabu 27:17, 1 Wafalme 22:17 na Ezekieli 34:5. Usisome mstari mmoja mmoja ukafunga. Soma aya nzima na ujiulize nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini wakati huo.

Katika Hesabu 27 anayesema ni Musa. Ameambiwa atakufa bila kuingia nchi ya ahadi, naye anamwomba Mungu aweke mtu wa kuwaongoza watu wasibaki kama kundi lisilo na wa kulichunga. Anateuliwa Yoshua mwana wa Nuni. Kumbe basi picha hii inaanzia kwenye swali la nani atashika uongozi baada ya kiongozi kuondoka. Katika 1 Wafalme 22 anayesema ni nabii Mikaya mwana wa Imla, mbele ya mfalme Ahabu anayetaka kwenda vitani Ramoth-Gileadi. Mikaya amewaona Israeli wametawanyika milimani bila mchungaji, maana yake mfalme atakufa, na kweli anakufa vitani. Marejeo yakikupeleka pia 2 Mambo ya Nyakati 18:16, angalia vizuri: ni habari ileile ikisimuliwa mara ya pili. Ukiihesabu kama ushahidi mpya umejidanganya.

Ezekieli 34 ndipo penye utajiri, na hapo nakushauri usome sura nzima. Nabii anawashutumu wachungaji wa Israeli, yaani watawala, kwamba wanakula mafuta, wanavaa sufu, wanachinja walionona, na hawamtibu mgonjwa wala kumtafuta aliyepotea. Kisha, kuanzia mstari wa 11, Mungu anasema atawatafuta kondoo zake yeye mwenyewe, na katika mstari wa 23 anaahidi mchungaji mmoja, Daudi, ingawa Daudi alikuwa amekufa karne nyingi kabla.

Sasa ifungue itifaki, maana marejeo yana upungufu wake. Yalichaguliwa na wahariri, na mhariri huweka kile alichokiona yeye. Tafuta «mchungaji» na utapata orodha ndefu: Habili katika Mwanzo 4, Zaburi ya 23, Yeremia 23, Yohana 10, 1 Petro 5. Utamkuta pia Koreshi katika Isaya 44:28. Huyu ni mfalme wa Uajemi, mgeni kabisa, naye Mungu anamwita mchungaji wake. Ukiwa umeshaamua kwamba mchungaji ni kiongozi wa dini tu, mstari huo utakuvuruga, na ni vizuri ukuvuruge.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega msomaji. Ukitafuta «mchungaji» peke yake utakosa «wachungaji», nao ndio waliojaa Ezekieli 34. Ukitafuta kwenye simu na kuandika kipande cha neno, «chung», ili upate yote kwa pamoja, utaletewa pia uchungu wa moyo na chungu cha mfinyanzi. Tafuta basi umoja, kisha wingi, kisha kitenzi «chunga», na mwisho «lisha». Waislamu wenye faharasa ya Kurani ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi, iliyotoka Cairo mwaka 1945, wamepunguziwa tabu hii, kwa kuwa imepangwa kwa mizizi ya maneno ya Kiarabu.

Kitenzi ndicho kinachofungua mlango uliofichika. Katika 2 Samweli 5:2 makabila yanamwambia Daudi kule Hebroni kwamba Mungu alimtaka awalishe watu wake. Neno mchungaji halipo hapo, lakini hoja ipo. Vilevile Yohana 21, Petro anapokabidhiwa kondoo, huipati kwa jina la mchungaji. Unaipata kwa kitenzi au kwa «kondoo». Kumbuka pia kwamba itifaki hufuata tafsiri moja. Iliyotengenezwa kwa Biblia ya Union Version haitalingana neno kwa neno na Habari Njema.

Orodha ikishakuwa ndefu, chora jedwali lenye safu nne: andiko, mchungaji ni nani, kondoo ni nani, kinatokea nini. Habili na wale wa usiku wa Bethlehemu ni wachungaji wa mifugo halisi, watenge. Wanaobaki watajigawa wenyewe: wafalme, Mungu, Yesu, na viongozi wa kanisa kama katika 1 Petro 5, ambao wanaonywa wasilitawale kundi kwa mabavu na kukumbushwa kwamba yuko Mchungaji mkuu.

Kisha rudi Marko 6, uisome pamoja na kilichotangulia. Kabla tu ya umati huo kuna karamu ya Herode, mtawala anayekula na wakubwa wake na kuamuru Yohana Mbatizaji akatwe kichwa. Baada yake kuna Yesu anayewafundisha watu, anawaketisha kwenye majani mabichi na kuwalisha. Ezekieli 34 ikiwa kichwani, ni vigumu kuona kwamba habari hizo mbili zimewekwa jirani kwa bahati tu, ingawa Marko hasemi hivyo waziwazi na wewe kwenye jibu lako uandike kwamba ni hoja yako. Mathayo 9:36 ina picha hiyohiyo bila mikate. Huko inatangulia kutumwa kwa mitume kumi na wawili. Andika tofauti hiyo pia.

Ukiulizwa kwenye mtihani maana ya huruma ya Yesu katika Marko 6, jibu lisilogusa Hesabu 27 na Ezekieli 34 limeishia nusu ya njia.