Hatua Kumi na Sita Kabla ya Alfajiri: Kwa Nini Wazee Wetu Huanguka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Miezi michache iliyopita, sisi wa kamati ya msikiti, tukiwa pamoja na mama zetu wawili wa kitengo cha akina mama, tulikwenda Ngamiani kumjulia hali bibi mmoja wa mtaa wetu. Alikuwa ameketi barazani, mkono wake wa kulia umefungwa hogo kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Baada ya shikamoo na marahaba tulimuuliza limemfika jambo gani. Akatujibu kwa upole, "Si kitu, wanangu. Nimeteleza nikienda kutia udhu. Uzee huo."

Jibu hilo tunalisikia katika kila nyumba. Mzee huanguka, watu husema ni uzee, na mwezi unaofuata huanguka tena mahali pale pale. Hatupingi kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini tumefundishwa pia kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa ajali zisizo za makusudi, ni ajali za barabarani tu zinazoua zaidi. Sisi tunaogopa bodaboda, wala hatuogopi sakafu ya uani.

Tukamwomba bibi idhini ya jambo moja: mjukuu wake atuoneshe njia anayoipita bibi kila usiku, tangu kitandani hadi mahali pa kutia udhu. Tulihesabu hatua kumi na sita, na ndani ya hatua hizo tukakuta sababu nne, kila moja ikiwa na dawa yake.

Sababu ya kwanza ilikuwa kitandani penyewe. Bibi alituambia kuwa akisikia adhana huinuka mara moja, na kwamba mara nyingi macho "hufanya kiza" kabla hajafika mlangoni. Hapo pana jambo la mwili ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu anaposimama, damu hushuka miguuni. Kwa kijana, mishipa hujikaza na moyo huongeza mapigo papo hapo, hata asihisi lolote. Kwa mzee kazi hiyo huchelewa. Ubongo hupungukiwa na damu kwa muda mfupi, naye huyumba. Hali hiyo huzidi kwa anayetumia dawa za presha, kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, na kwa mzee anayejinyima maji mchana ili asisumbuke kwenda chooni usiku. Katika joto la pwani yetu, wazee wa namna hiyo si wachache.

Jambo hili hupimika kwa mashine ya kawaida ya presha katika zahanati yoyote. Mzee hulala chali dakika tano, hupimwa, kisha husimama na kupimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Iwapo namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi presha yake huanguka anaposimama, na daktari anapaswa kuambiwa. Bibi yetu, kwa mfano, alikuwa akimeza jioni ile dawa ya presha inayoongeza mkojo. Dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha mara tatu usiku. Alipoonana na daktari, alihamishiwa dozi hiyo asubuhi, na safari za usiku zikapungua. Tahadhari: mtu asijiachishe dawa wala asijibadilishie saa kwa kusoma gazeti. Huchukuliwa dawa zote mfukoni, pamoja na zile za kununua dukani, zikaoneshwe kwa daktari.

Nyumbani dawa yake ni subira ya dakika mbili au tatu. Mzee aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa chini, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini. Kisha asimame akiwa ameshika kitu imara, atulie kwa muda ambao angesoma sura fupi, ndipo aondoke. Na kitanda kiwe cha kimo kinachomfaa: akiketi, nyayo zikanyage chini kikamilifu na magoti yakae usawa wa nyonga. Kitanda kirefu mno humfanya aruke. Kifupi mno humlazimisha ajirushe.

Sababu ya pili ilikuwa kiza pamoja na vikwazo. Nyumba ya bibi ni ya Kiswahili kama nyingi za Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisha mlango wa nyuma na kizingiti cha kushukia uani. Jicho la mzee huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko la kijana, nalo huchelewa kuzoea linapotoka penye taa kuingia kizani. Ukumbini palikuwa na mkeka uliokunjamana pembeni, madumu ya maji na viatu vya wajukuu. Kizingiti kilikuwa cha rangi ile ile ya sakafu, hata mchana tulikiona kwa shida.

Tuliyoyafanya hayakuchukua hata nusu siku. Mkeka uliondolewa njiani, madumu yakahamishiwa upande mmoja, na ukingo wa kizingiti ukapakwa mstari mpana wa rangi nyeupe. Taa ndogo ya sola iliwekwa ukumbini na nyingine uani, ziwake usiku kucha, kwa kuwa umeme haukatiki kwa miadi. Tochi ilifungwa kamba kwenye nguzo ya kitanda ili isianguke chini ya uvungu ikatafutwa gizani.

Sababu ya tatu ilikuwa vazi na viatu. Bibi alikuwa akienda uani na ndala zilizolika hadi soli yake ikawa laini kama sahani. Nyumba nyingine tumekuta wazee wangali wanavaa mitalawanda. Viatu hivyo vya mti vina heshima yake, lakini juu ya saruji yenye maji havishiki, na mguu hauna kinachoufunga. Kiatu cha mzee kiwe na soli yenye mikato, na kiwe na mkanda nyuma ya kisigino. Kanga, shuka au kanzu inayoburura chini nayo ni mtego: bibi alifunga kanga yake juu ya kifundo cha mguu, na hilo halikumgharimu hata senti.

Sababu ya nne ndiyo iliyomwangusha hasa. Sakafu ya uani kwake ilitiwa niru zamani, ikasuguliwa ikawa laini, na pembeni mwa pipa la maji pameota ukijani wa utelezi. Juu ya sakafu hiyo, bibi wa miaka sabini na kitu alikuwa akisimama kwa mguu mmoja ili aoshe mwingine, mkono mmoja umeshika kopo na mwingine unasugua unyayo. Hakuwa na mkono wa tatu wa kujishikia. Hata kijana akisimama hivyo huyumba.

Hapa twapenda kusisitiza kwa lugha iliyo wazi: kusimama si sharti la udhu. Anayetia udhu akiwa ameketi, udhu wake umetimia. Kwa hiyo fundi alijenga kibaraza kidogo cha saruji karibu na pipa, kimo cha sentimita 45 hivi, ili bibi aketi na aoshe miguu yote miwili bila kuinua mmoja hewani. Tulichagua kibaraza badala ya kiti cha plastiki kwa makusudi, kwani miguu ya kiti cha plastiki huteleza na kutanuka juu ya saruji iliyolowa. Ukijani ule ulisuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni, na sasa mjukuu husugua kila wiki. Sehemu ya kukanyagia ikatiwa saruji mpya ambayo, kabla haijakauka, ilipitishwa fagio ili ipate mikwaruzo ya kushika unyayo.

Chooni, ambako huchuchumaa, palifungwa bomba la chuma la inchi moja, limesimama wima ukutani tangu usawa wa goti hadi usawa wa kifua, likiacha nafasi ya kutosha vidole kuzunguka. Mzee hulishika anaposhuka na huliparamia kwa mkono anapoinuka. Ukuta wa tofali hupokea skrubu ndefu na fisha. Ukuta wa miti na udongo haufai. Hapo husimikwa nguzo ardhini, ikazungushiwa zege. Kabla mzee hajalitumia, mtu mzima mwenye nguvu alivute kwa uzito wake wote. Likicheza, halifai, kwa maana kishikio kilicholegea ni hatari kuliko kukosa kishikio. Mzee ambaye magoti hayakubali tena kuchuchumaa, seremala anaweza kumtengenezea kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo, miguu yake iwe mipana na yenye raba chini.

Marekebisho haya yana mipaka yake. Mzee aliyepoteza fahamu kabla ya kuanguka, au asiyekumbuka alivyoanguka, anahitaji daktari kabla ya fundi. Vilevile tusimweke kitandani kwa kuogopa asianguke tena, kwani miguu isiyotumika hudhoofika, na udhaifu huo huleta anguko la pili. Bora ainuke kutoka kitini na kuketi tena mara kumi, asubuhi na jioni, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na mtu yupo karibu. Kwa asiyeweza kusimama katika swala, ruhusa ya kuswali ameketi inajulikana.

Na akianguka, tusimnyanyue kwa pupa. Tumuulize kwanza maumivu yapo wapi. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, au akihisi maumivu ya kinena asiweze kukanyaga, huenda nyonga imevunjika. Hapo si pa kukandwa wala kuvutwa. Apelekwe hospitali, kama yetu ya rufaa ya Bombo, akiwa amelazwa na mguu umetulizwa. Aliyegonga kichwa, kisha akaanza kusinzia ovyo, kutapika au kuchanganya maneno, apelekwe saa ile ile hata kama siku kadhaa zimepita.

Tulirudi kwa bibi baada ya hogo kufunguliwa. Alituonesha kibaraza chake akaketi juu yake, akacheka, "Wanangu, sasa hata wajukuu wananinyang'anya." Nasi tukarejea msikitini tukatazama mabomba yetu ya udhu, ambako wazee wetu wote walikuwa wakisimama kwa mguu mmoja. Vibaraza vitatu vya kuketi vimekwisha kujengwa hapo. Kwa msomaji wetu tuna ombi moja: kesho amka nusu saa kabla ya adhana, usiwashe taa, umfuate mzee wako kwa nyuma tangu kitandani hadi penye maji, ukihesabu hatua. Utakayoyaona ndiyo ya kurekebisha. Wabillahi tawfiq.