Mikono Iliyofichwa na Koti

Duka la nguo mtandaoni linataka kuonyesha gauni lisilo na mikono, lakini picha iliyopo ni ya mwanamitindo aliyevaa koti la mikono mirefu. Programu za kumvisha mtu nguo pichani, kama VITON iliyowasilishwa na watafiti mwaka 2018, huweza kubadilisha vazi. Kinachosumbua ni mikono yenyewe. Kamera haikuiona, kwa hiyo programu haina budi kuibuni.

Hatua ya kwanza ni umbo. Programu hukadiria bega, kiwiko na kifundo cha mkono vilipo, kisha hufuta koti. Likifutwa kwa kufuata ukingo wake kamili, pengo hubaki na umbo la koti, na mkono mpya hunenepa ili kulijaza. Ndiyo maana eneo linalofutwa hupanuliwa. Mkono hujengwa kuzunguka viungo, na nafasi inayobaki hurudishiwa ukuta au pazia la nyuma.

Kisha huja mwanga na rangi. Wengi huchukua rangi ya uso, kumbe uso una vipodozi na hung'aa kwenye paji na pua. Shingo ni shahidi bora, na vilevile mgongo wa kiganja kama unaonekana.

Tuseme dirisha liko kushoto mwa picha. Tukipima kwa mfumo wa Lab, ambao L yake huanzia 0 kwa weusi hadi 100 kwa weupe, upande wa shingo ulioelekea dirishani una 48 na ule wa kivulini 34. Programu imetoa mikono yote miwili yenye 55. Kuipunguza yote kwa kiasi kimoja hakutoshi, kwa sababu mkono wa kulia utaendelea kung'aa mahali penye kivuli. Mkono wa kushoto ushushwe kukaribia 48 upande wa dirisha, ukififia taratibu kuelekea upande wa pili. Wa kulia, uliokingwa na kiwiliwili, ukaribie 34. Baada ya hapo ndipo wekundu na umanjano wa ngozi hulinganishwa na shingo. Ukianza na rangi kabla ya mwanga, utadhani ngozi imekosewa, kumbe kilichokosewa ni kivuli.

Kosa hujitokeza zaidi kwenye kifundo, ambapo mkono uliobuniwa hukutana na kiganja halisi. Angalia kama rangi inaruka ghafla au kama ngozi ya juu ni laini kama plastiki ilhali kiganja kina chembechembe za picha.

Hata ulinganifu ukitimia, kovu, chale au baka lililokuwa chini ya koti haliwezi kujulikana. Kwa hiyo mwenye mwili aombwe ridhaa kabla ya kazi kuanza, na mnunuzi aelezwe kwamba mikono anayoiona ni ya kubuni.