Sola ya Shilingi 50 kwa Siku

Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza sola nchini Kenya mwaka 2012, mshindani wake mkubwa alikuwa koroboi. Familia nyingi za vijijini zilinunua mafuta ya taa dukani jioni, kidogo kidogo, kwa pesa iliyopatikana siku hiyo. Wauza sola walikuwa wakitaka pesa zote kwa mkupuo.

Wataalamu wa biashara huigawa bidhaa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kiini, yaani haja anayoitimiza mnunuzi. Hapa ni nyumba yenye mwanga, mtoto asome bila moshi machoni. Kwa kiini hicho, koroboi na sola ni wapinzani. Ya pili ni bidhaa halisi inayoshikika: paneli ya juu ya paa, betri, balbu, waya wa kuchajia simu, pamoja na jina la kampuni. Ya tatu ni nyongeza zinazoizunguka: mkopo, dhamana, fundi wa kuja kuifunga.

M-KOPA ilishinda kwenye ngazi ya tatu. Kwa miaka kadhaa mteja alitanguliza shilingi 2,999, kisha akalipa 50 kila siku kwa M-Pesa, kwa mwaka mzima. Ndani ya kisanduku cha betri mlikuwa na laini ya simu, na asipolipa, taa hazikuwaka. Akimaliza deni, sola ni yake. Jumla inakaribia shilingi 21,250, lakini malipo yanafuata mwendo wa kipato chake, kama alivyozoea kununua mafuta.

Hapo ndipo uainishaji wa pili unaposaidia. Mwaka 1923 Melvin Copeland wa Chuo Kikuu cha Harvard alizipanga bidhaa kwa kutazama tabia ya mnunuzi. Ziko zinazonunuliwa mara kwa mara, duka la karibu, bila kufikiri sana: mafuta ya taa, sabuni, chumvi. Ziko zinazolinganishwa kwanza, mtu akiuliza bei na ubora huku na huku, na sola ni mojawapo. Za mwisho ni bidhaa maalumu, ambazo mteja ameshachagua jina fulani na yuko tayari kulifuata mbali.

Ukitaka kujua bidhaa yako iko kundi gani, muulize mteja: usipoikuta hapa, utafanyaje? Akijibu kwamba atachukua nyingine iliyopo, lazima uisambaze kila duka. Akisema atazunguka kwanza, anahitaji muuzaji wa kumweleza na kumwashia taa aone. Akisema atasubiri mpaka ije, duka chache zinatosha.

Jibu hutofautiana kati ya mtu na mtu. Aliyeona taa za jirani zikiwaka miaka mitatu bila hitilafu hatalinganisha tena, atataka zilezile. Ndiyo maana anayeweka sola rafuni kando ya sabuni, bila wa kuieleza wala fundi wa kuitengeneza, huiona ikishika vumbi hata bei ikishuka.