Chakula Kinachorudi Kabla ya Kuchacha

Binti wa kidato cha tatu amekula wali na maharage. Dakika 10 hazijapita, chakula kinapanda kutoka tumboni hadi mdomoni. Hana kichefuchefu, wala hakujikamua. Wali una ladha ileile ya sahanini. Akiwa mbele za watu anakitafuna na kukimeza tena. Akiwa peke yake anakitema. Baada ya kitambo kinapanda tena, na tena, mpaka kinapoanza kuwa kichachu, pengine baada ya saa moja au mbili, ndipo tumbo linatulia.

Binti huyu ni mfano tu, lakini maelezo yake ndiyo ya wagonjwa wengi wa kucheua. Hospitalini husema, “Chakula kinarudi,” na mara nyingi huambiwa ni asidi, wakaandikiwa omeprazoli. Dawa hiyo inapunguza asidi. Haizuii chakula kupanda. Kwa hiyo dozi inaongezwa, dawa inabadilishwa, endoskopia inafanywa na mara nyingi haionyeshi kidonda chochote. Wapo wanaozunguka hivyo kwa miaka, na mabinti wengine hushukiwa kuwa wanajitapisha makusudi ili wakonde. Shutuma hiyo inaumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu hawafanyi kwa kutaka.

Maswali machache yanaweza kufichua ukweli. Kinarudi lini? Kwa anayecheua ni mara tu baada ya kula, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kina ladha gani? Ya chakula, si ya nyongo wala asidi. Usingizini je? Hakirudi. Mwenye asidi inayopanda, kwa upande wake, huungua kifuani, huzidiwa akilala au kuinama, na huweza kuamshwa usiku na uchachu kooni. Anayetapika naye hutangulia kuhisi kichefuchefu, kisha mwili ukasukuma kwa nguvu.

Kinachotokea ni hiki: misuli ya ukuta wa tumbo inajikaza ghafla bila mwenyewe kujua, tumbo linabanwa kama chupa laini ya plastiki, na lango lililo kati ya umio na tumbo linalegea. Chakula kinafuata njia iliyofunguka. Hospitali zenye vifaa hupitisha mrija mwembamba puani hadi tumboni, mgonjwa akala, kisha wakatazama. Mgandamizo tumboni huruka kupita milimita 30 za zebaki, na papo hapo chakula kinaonekana kikipanda. Lakini kwa wagonjwa wengi maelezo yaliyosikilizwa vizuri yanatosha.

Mwili hujifunza mwendo huo. Mwanafiziolojia Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Morisi mwaka 1817, alikuwa akimeza sponji zilizofungwa uzi na kuzivuta nje ili apate majimaji ya tumboni kwa utafiti wake. Inasimuliwa kwamba baadaye alibaki na tabia ya kucheua. Kwa wagonjwa wa leo, mara nyingi chanzo ni maambukizi ya tumbo au kipindi cha msongo mkali. Ugonjwa ukapita, mwendo ukabaki.

Kilichofunzwa kinaweza kufunzwa upya, na hapo ndipo pumzi inapoingia. Binti wetu anaanza mazoezi akiwa hajala. Anakaa ameegemea kiti, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Anavuta hewa polepole kwa pua mpaka mkono wa chini unyanyuke huku wa juu umetulia, kisha anaitoa taratibu zaidi. Pumzi sita hadi nane kwa dakika zinatosha. Kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, kinaposhuka hivyo, ukuta wa tumbo hulazimika kulegea na kutoka nje. Hauwezi kulegea na kujikaza kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, kiwambo hukaza lango la umio.

Akishazoea, anahamishia zoezi mezani: anaanza mara anapomaliza tonge la mwisho, anaendelea kwa dakika 15 hivi, na kurudia kila anapohisi chakula kinataka kupanda. Wengi hukosea hapa. Wanasubiri mpaka kimefika kooni, au wanavuta hewa kwa nguvu hadi mabega yanyanyuke, na kifua kinapofanya kazi tumbo linabaki huru kujikaza. Ndiyo maana ni vema mtaalamu akae naye katika milo ya mwanzo, atazame mikono yote miwili na kumrekebisha. Nafuu huja kwa majuma ya kurudia kila mlo, shuleni na nyumbani.

Pumzi isipotosha, daktari anaweza kuongeza baklofeni, dawa ya kulegeza misuli ambayo pia huzuia lango la umio kufunguka ovyo. Inaleta usingizi, na si ya kujinunulia dukani. Anayepungua uzito, anayekwamwa na chakula kikishuka, anayetapika damu au anayeamshwa usiku na matapishi achunguzwe kwanza, kwa sababu dalili hizo zinaelekeza kwenye ugonjwa mwingine, au kwenye madhara yanayohitaji tiba ya haraka.