Utenganishaji wa marudio (picha)

Utenganishaji wa marudio ni mbinu ya kuhariri picha inayogawa picha moja katika matabaka mawili. Tabaka la marudio ya chini hubeba rangi, vivuli na umbo la jumla. Lile la marudio ya juu hubeba vitundu vya ngozi na mikunjo midogo. Katika kubadilisha uso, tabaka la chini huchukuliwa kutoka uso mpya (chanzo), na la juu hubaki la picha inayohaririwa (lengwa). Wazo la kuunganisha picha kwa kila kiwango cha marudio peke yake lilielezwa na Peter Burt na Edward Adelson mwaka 1983.

Hesabu yake

Kwanza uso wa chanzo hunyooshwa hadi macho, pua na mdomo vikae mahali pa vile vya lengwa. Kisha picha zote mbili hufifishwa kwa kichujio cha Gauss:

```
juu  = L - Gauss(L, r)
mpya = Gauss(C, r) + juu
```

L ni lengwa, C ni chanzo, na r ni upana wa kichujio. Tuseme pikseli iliyo ndani ya kitundu cha shavu ina thamani 150, na baada ya kufifishwa ni 162. Tofauti ni −12. Ikiwa uso mpya una 140 mahali hapo, jibu ni 128: rangi imebadilika, kitundu kimebaki.

Kuchagua upana

Uso wenye upana wa sentimita 15 ukichukua pikseli 1500, milimita moja ni pikseli 10, na kitundu cha ngozi huchukua pikseli chache tu. Hapo r ya 4 hadi 6 ni mwanzo mzuri. Ikizidi sana, umbo la uso wa zamani huingia katika tabaka la juu na kurudi kama kivuli. Uso wa pikseli 150 hauna vitundu vya kuhifadhi. Kinachohamishwa ni chengachenga za kamera.

Kasoro

Tabaka la juu halijui kitundu ni kipi na kope ni ipi. Linabeba pia kingo za midomo, nyusi na macho, kwa hiyo jicho jipya likisogea pikseli tatu, kope huonekana mara mbili. Ndiyo maana tabaka hilo hutumiwa kwenye paji, mashavu na pua, na huzibwa kwenye macho na mdomo.

Ngozi zikitofautiana sana kwa weusi, kujumlisha hupotosha: tofauti ya 12 huonekana kali kwenye ngozi ya 50 na hafifu kwenye ya 200. Afadhali kugawanya, 150/162, kisha kuzidisha kwa thamani mpya.

Picha iliyotengenezwa hivi hujulikana zaidi kwenye tabasamu. Shavu jipya limeinuka, lakini vitundu bado vimelala kama vya mtu aliyetulia. Ikishatumwa kwa simu na kubanwa, hata dalili hiyo mara nyingi hufutika, pamoja na vitundu vyenyewe.