Herufi ya Tano Katika Jeni ya Damu

Nchini Oman, thalasemia ya beta si ugonjwa wa vitabuni. Mtoto mwenye aina kali huzaliwa akionekana mzima, kisha baada ya miezi kadhaa huanza kupauka na kudhoofu, kwa sababu himoglobini ya uchanga inapungua na ile ya ukubwani haiji ya kutosha. Kosa linaloongoza huko, kama India na Pakistani, ni la herufi moja tu katika jeni ya beta-globini, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Ajabu ni kwamba herufi hiyo haimo kabisa katika maagizo ya kutengeneza protini. Imo katika kipande ambacho seli hukikata na kukitupa.

Jeni inaponakiliwa ndani ya kiini cha seli, nakala inayotoka, yaani RNA, huwa bado ghafi. Ikifika herufi 20 hadi 30 tu, na uandishi ungali unaendelea, huvishwa kofia kichwani: herufi G iliyobadilishwa kidogo na kuungwa kinyume. Kwa sababu ya kinyume hicho, vimeng'enya vinavyotafuna RNA kuanzia kichwani havipati pa kuanzia. Baadaye, nje ya kiini, protini nyingine huishika kofia hiyohiyo na kuileta ribosomu, mtambo unaosoma nakala na kuunda protini. Nakala isiyo na kofia huharibiwa mapema, na hata ikisalia haisomwi ipasavyo.

Kazi ngumu ni ya kukata na kuunga. Nakala ghafi ya beta-globini ina herufi kama 1,600, lakini zinazobaki mwishoni ni 626 tu, ukiacha mkia. Nyingine zimo katika introni mbili, ya kwanza yenye herufi 130 na ya pili 850. Vipande vinavyobaki huitwa eksoni. Introni ya kwanza huanza na GUUGGU. Chembe iitwayo U1, yenye RNA yake yenyewe, hujibandika hapo kwa kuoanisha herufi zake na hizo. Nyingine, U2, hushika karibu na mwisho wa introni. Mpaka ukishajulikana pande zote mbili, introni hukatwa na eksoni huunganishwa.

Kwa wagonjwa hawa, G ya tano imekuwa C: GUUGCU. U1 haishiki tena barabara. Lakini seli haiachi kukata, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Hukata palipofanana na mpaka: sehemu mbili zimo ndani ya eksoni ya kwanza, herufi 16 na 38 kabla ya mpaka halali, na ya tatu inaanzia kwenye herufi ya 13 ya introni. Hesabu za zile mbili za kwanza hazigawanyiki kwa tatu, na ribosomu husoma herufi tatutatu. Chukua sentensi HUU MTI UNA MBU. Ondoa U moja ya mwanzo, usome tena kwa tatutatu: HUM TIU NAM BU. Kuanzia kosa lilipotokea, asidi za amino huwa si zile, na baada ya muda mfupi hutokea alama ya kukomesha usomaji. Nakala chache tu hukatwa sawasawa. Minyororo ya alfa, isiyopata wenzake wa beta, hurundikana na kuua seli za damu zikiwa bado ndani ya uboho.

Mwisho wa nakala nao una sheria yake. Herufi AAUAAA huiambia seli ikate mbele kidogo, kisha iongeze mkia wa herufi A kama 200. Seli nyekundu inauhitaji mkia huo kuliko seli nyingi, kwa kuwa hukitupa kiini chake kabla haijakomaa, na kwa siku moja au mbili hutengeneza himoglobini kwa nakala zilizokwishabaki tu. Mwaka 1985 watafiti walieleza familia ya thalasemia ambamo alama hiyo ilikuwa imegeuka AACAAA. Protini yenyewe haikuguswa hata kidogo. Ila uandishi ulipita mpaka, nakala zikawa na herufi 900 za ziada, na zilizokatwa mahali pake zikawa chache.

Maabara huanza kwa vipimo vya kawaida. Mwenye jeni moja yenye kosa huwa na seli nyekundu ndogo, na himoglobini A2 yake mara nyingi huzidi asilimia 3.5. Vipimo hivyo humtambua, lakini havisemi kosa liko kwenye mpaka wa introni, kwenye alama ya mkia au ndani ya eksoni. Hilo hujulikana kwa kusoma DNA yenyewe, na msomaji lazima asome introni pia. Akiishia kwenye eksoni, atamwambia mzazi kwamba jeni ni safi.