Ukuta Unaovuja Kwenye Kona

Katika michezo ya mbinu, askari husogea juu ya ubao wa miraba. Tuseme yuko (2,2) na anataka kwenda kimshazari hadi (3,3). Programu ikikagua (3,3) pekee na kuukuta mtupu, itamruhusu, hata kama (3,2) na (2,3) ni mawe matupu. Hapo ukuta uliopangwa kimshazari, kona ikigusa kona, haumzuii mtu, na mchezaji aliyeutegemea huona adui akipenya pasipo na upenyo.

Dawa ni kukagua pia miraba hiyo miwili ya ubavuni. Kanuni za ubao za Dungeons & Dragons, toleo la 5, ni kali zaidi: hazimruhusu mtu kukata kona ya ukuta, hata ubavu mmoja tu ukizibwa. Naona hiyo ndiyo kanuni ya haki.